Kapsheni na Displei: fonti moja, herufi mbili tofauti

Ukifungua folda ya Source Serif 4, ile fonti ya Adobe ya bure, utapata faili nyingi mpaka uchoke, na si zile za bold na italiki peke yake. Kuna `SourceSerif4Caption-Regular.otf`, kuna `SourceSerif4SmText-Regular.otf`, kuna `SourceSerif4-Regular.otf` yenyewe, alafu `SourceSerif4Subhead-Regular.otf` na `SourceSerif4Display-Regular.otf`. Zote ni Regular. Unene ni uleule, familia ni ileile, lakini faili ni tano. Madizaina wengi nawaona wakichagua Display ju ndo inakaa smati ukiiweka kubwa kwa skrini, zingine wanazifuta wakidhani ni kopi tu za kujaza kompyuta.

Si kopi. Hizo ndo zinaitwa optikal saizi, yaani herufi zilezile zimechorwa upya kulingana na ukubwa zitakaosomwa nao. Kapsheni ni ya maneno madogo kabisa, tuseme pointi 6 hadi 8, yale ya chini ya picha, ya chini ya ukurasa, ya nyuma ya lebo. Displei ni ya vichwa vikubwa, pointi 20 na kitu kwenda juu. Hizo zingine zinakaa katikati. Nitaongea zaidi juu ya Kapsheni na Displei, zile mbili za ncha zote mbili, ju hapo ndo tofauti inaonekana hata na mtu asiyejali mambo ya fonti.

Kazi iliyonifanya niandike hii ni programu ya mazishi. Kama umeishi Nairobi unajua venye hizi programu zimekuwa, si karatasi moja iliyokunjwa tena, ni kijitabu cha kurasa 16 au zaidi, karatasi ya kung'aa, rangi ndani na nje, historia ya marehemu, tributi za watoto na wajukuu, na mapicha ya zamani yamejaa hadi pembeni. Familia moja ilikuwa imepewa rafu kopi na mtu mwingine aliyewafanyia dizaini, wakaprinti kopi chache River Road waone, alafu wakaniita ju kuna kitu hakikuwa sawa na hawakujua ni nini. Anti mmoja, dada ya marehemu, ndo alinipa hiyo kopi mkononi. Akaniambia, "Kijana, jina la ndugu yangu hapo mbele limetoka vizuri sana. Lakini haya ya chini ya picha mmetuandikia na nini, na sindano?"

Na alikuwa na haki. Jina kwa kava lilikuwa pointi 54, Source Serif 4 Display, limependeza kweli, ile mistari myembamba inang'ara, vimiguu vya herufi vimechongoka. Ndani, kapsheni za picha zilikuwa pointi 7, fonti ileile ya Display, rangi kijivu. Kapsheni moja ilisema picha ni ya Nakuru, 1968. Mjomba mmoja alikuwa anasoma 1963, binamu anasoma 1966, na walikuwa wameanza kubishana ni nani alikuwa amezaliwa tayari na nani bado. Ukiisogeza karibu na jicho unaona ni 8, lakini ile mistari ya juu ya nambari imekatikakatika, kwa hivo kila mtu anajazia penye anataka.

Sasa tuangalie ni nini haswa kilifanyika hapo, ju watu husema tu "fonti ni ndogo" na kuongeza saizi, na si hivo tu.

Fonti huchorwa ndani ya boksi ambalo kawaida limegawanywa vipande 1000 kwa urefu. Tuchukue displei fulani ambayo mstari wake mwembamba zaidi, kwa mfano ule wa katikati ya herufi e, una vipande 20. Ukiiweka pointi 54, huo mstari unakuwa pointi 1.08, yaani karibu milimita 0.38. Hiyo ni laini safi, inaonekana, inapendeza. Sasa chukua hiyohiyo uiweke pointi 7. Mstari unakuwa pointi 0.14, ambayo ni milimita 0.05 hivi. Printa ya leza ya doti 600 kwa inchi ina doti ya milimita 0.042. Kwa hivo ule mstari mzima wa e umebaki kusimama kwa doti moja na kidogo. Doti moja! Ikikosa kushika karatasi vizuri, au mstari ukiangukia katikati ya safu mbili za doti na mashine iamue kivyake, mahali pengine utapata mstari na mahali pengine utapata shimo.

Alafu ongeza ile rangi ya kijivu. Hii madizaina hupenda sana, kapsheni ikiwa kijivu inaonekana imetulia, haishindani na picha. Lakini mashine ya kuprinti haina wino wa kijivu, ina mweusi, na ikitaka kijivu inapiga mweusi kwa vidoti vyenye nafasi katikati. Vidoti hivyo vikipangwa laini 150 kwa inchi, kila kidoti na nafasi yake kinachukua kama milimita 0.17. Mstari wetu ni 0.05. Maana yake ni kwamba mstari ni mwembamba kuliko vile vidoti vinavyotakiwa kuuchora, kwa hivo hauchoreki, unatokea tu penye umekutana na kidoti na kupotea penye haujakutana. Hiyo ndo sindano ya anti.

Na kuna kitu hesabu haisemi, ni jicho. Hata kama mashine ingekuwa ya maajabu na kuprinti huo mstari bila kukatika, jicho la mtu mzima, jioni, chini ya tenti, halishiki tofauti ndogo hivo kati ya nyeusi na nyeupe. Kile jicho hufanya ni kuchanganya ule mstari mwembamba na nyeupe ya pembeni, inakuwa kijivu hafifu, alafu linasoma nguzo nene peke yake. Ndo maana n, u na ii zinaanza kufanana, zote ni nguzo mbili tu zimesimama. Kwa Kiswahili hii ni shida ya kila siku, angalia neno kama *mumunye* au *nini* kwa displei ndogo, ni fensi ya miti.

Hapo sasa ndo kapsheni inaingia. Aliyechora toleo la kapsheni hakuchukua displei akainenepesha. Alibadilisha vitu kadhaa kwa pamoja na vyote vinategemeana.

Kwanza ile mistari myembamba imenenepeshwa sana, lakini nguzo nene zimeongezwa kidogo tu, kwa hivo tofauti kati ya nene na nyembamba imepungua. Turudi kwa mfano wetu, tuseme ule mstari wa vipande 20 umekuwa 45. Kwa pointi 7 hiyo inakaribia milimita 0.11, doti mbili na nusu. Hapo mashine ina kitu cha kushika.

Pili, zile herufi ndogo, a, e, n, x, zimerefushwa kwenda juu zikikaribia herufi kubwa, na zimepanuliwa kwa upande. Displei huwa na herufi ndogo fupi na mikia mirefu, ndo inaipa ile madaha. Kapsheni haina nafasi ya madaha, saizi yote inatumiwa kwa ile sehemu inayosomwa. Weka mbili kando kwa kando zote pointi 7 na mtu atakuapia kwamba kapsheni ni pointi 8.

Tatu, midomo ya herufi imefunguliwa. Angalia c, e, a, s, na nambari kama 3, 6 na 9. Kwa displei ncha zao hujikunja zikikaribia kugusana, inapendeza ikiwa kubwa. Kwa kapsheni zinaachwa wazi, ili wino ukisambaa kidogo, na wino husambaa, 3 isijifunge ikawa 8 na 6 isiwe donge. Hapa ndo ule ubishi wa 1968 ungeisha kabla ujaanza.

Nne, nafasi kati ya herufi imeongezwa. Hii watu husahau. Displei inabanwa ju ikiwa kubwa nafasi huonekana kama mapengo. Ikiwa ndogo, ule ubanaji unafanya r na n zikae kama m. Nafasi hii imejengwa ndani ya fonti yenyewe, herufi kwa herufi, si ile ya kuvuta slaida ukaongeza kwa maneno yote.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mara: si ningeweka tu bold? Jamaa wa duka la kuprinti aliniambia hivohivo. "Boss, weka bold tumalize, wino iko poa, mashine iko poa." Nikamwambia tupige laini mbili tuone, moja Display bold na nyingine Caption ya kawaida, zote pointi 7, nyeusi tupu. Kwa bold zile nguzo zilinenepa sana, lakini mistari myembamba ikaongezeka kidogo tu, na ule unene wote ulipata nafasi wapi? Ndani ya herufi. Tumbo la e na a likazibwa. Ukaisha na maneno meusi, mazito, ambayo bado unayasoma kwa kukisia. Ile Caption haikuwa nzito hata kidogo, lakini kila e ilikuwa na mstari wake wa katikati, mzima. Jamaa akachukua simu, akafungua kamera, akazumu hadi mwisho, akaangalia weee, akasema tu "aisee." Hiyo kamera ya simu ndo kipimo changu, sina haja ya lenzi ya bei. Ukizumu na uone mstari ni mzima lakini mwembamba, shida ni toleo la fonti. Ukiona ni vidoti vimetawanyika, shida ni rangi, na hata kapsheni bora duniani itateseka kidogo kwa kijivu cha asilimia 50. Kwa hii kazi zilikuwa shida zote mbili, ndo maana kurekebisha moja pekee haingetosha.

Tulichofanya mwishowe: kapsheni zote zikaenda Source Serif 4 Caption, pointi 7.5, nyeusi asilimia 100 bila kuchanganya rangi zingine. Hiyo ya mwisho ni muhimu, ju kama hiyo nyeusi au hudhurungi yako imetengenezwa na rangi nne, sahani za kuprinti zikisogea hata kidogo herufi ndogo inapata kivuli cha rangi pembeni. Maneno ya historia ya marehemu yakabaki toleo la kawaida, pointi 10. Jina kwa kava likabaki Display, hatukuligusa. Gharama ilikuwa nafasi. Kapsheni ni pana, kwa hivo zile ndefu za "kutoka kushoto, mstari wa nyuma" na majina ya watu tisa zilivuka laini moja zaidi, ikabidi picha kadhaa zipunguzwe. Mwanafamilia mmoja hakufurahia hiyo. Mimi naona picha ikipungua milimita tatu hakuna anayejua, lakini majina yasiposomeka kila mtu anajua.

Kosa la upande ule mwingine pia lipo, ni vile tu watu hulalamika kidogo. Chukua Caption uiweke pointi 54 kwa kava. Itasomeka vizuri sana, lakini herufi zitaonekana zimetawanyika kama watu wasiojuana, vimiguu vinene kama matofali, na jina lote litakuwa na ubutu fulani ambao mteja hawezi kuueleza, atakuambia tu "haiko klasi." Hakuna kilichoharibika, umetumia kifaa cha kazi nyingine.

Hii si akili mpya. Zamani za herufi za risasi hakukuwa na kitu kinaitwa kupunguza. Fundi kama Claude Garamond pale Paris karne ya 16, kila saizi alikuwa anaichonga kwa chuma kivyake, kwa ukubwa wake halisi, kwa hivo saizi ndogo zilitoka nene na pana zenyewe ju aliziona vile zitakavyosomwa. Kilichovuruga mambo haswa ni herufi za picha, miaka ya 1960 na 1970, ambapo negativu moja inapigwa kupitia lenzi na kukuzwa au kupunguzwa kwa saizi yoyote. Rahisi, bei poa, na kompyuta zikarithi tabia hiyohiyo: mchoro mmoja, slaida ya saizi, basi.

Lakini hata wakati huo kuna kazi ambazo hazikukubali. Ukitaka kuona kapsheni iliyopelekwa hadi mwisho wake, tafuta picha ya Bell Centennial, fonti ya Matthew Carter ya mwaka 1978, iliyotengenezewa vitabu vya simu vya AT&T kule Marekani. Pointi 6, karatasi duni, mashine inaenda mbio. Carter alikata mapengo makubwa kwenye viungo vya herufi, kwa mfano penye mkono wa n unaungana na nguzo, ili wino ukisambaa ujaze hilo pengo badala ya kuziba herufi. Ukiikuza hadi ukubwa wa bango inaonekana kama imeliwa na panya. Ikiwa pointi 6 kwa karatasi mbaya, yale mapengo hayapo, wino umeyamaliza, na unaona herufi safi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivo kwamba ile picha unayoiona kwa skrini ukizumu si ile herufi itakayofika kwa msomaji.

Kwa wale wa mtandao, mambo yamerahisika na pia kuna mtego. Tangu 2016 kuna fonti za variabo, ambapo faili moja inabeba matoleo yote na kila kilicho katikati yake, na mhimili wa optikal saizi unaitwa `opsz`. Kwa Source Serif 4 unaenda kutoka 8 hadi 60. Brauza inaweza kuchagua yenyewe kulingana na saizi ya maneno, na hiyo ndo difolti, huhitaji kuandika chochote. Mtego ni kwamba ukiomba fonti Google Fonts bila kutaja `opsz`, unaletewa faili iliyogandishwa kwa toleo moja, na brauza haina cha kuchagua. Kwa hivo omba `opsz` kwa jina:

```
https://fonts.googleapis.com/css2?family=Source+Serif+4:opsz,wght@8..60,400&display=swap
```

Mtego wa pili nimeukuta kwa saiti kadhaa: mtu ameandika `font-variation-settings: "opsz" 60` kwa `body` ju alipenda vichwa vikionekana hivo. Hiyo setingi inarithiwa. Kila kapsheni, kila menyu, kila kitufe cha pikseli 12 kinabeba displei ya 60. Kujua kama uko hapo, fungua saiti kwa Firefox, bonyeza kapsheni kwa kitufe cha kulia, chagua Inspect, alafu uangalie paneli ya Fonts, itakuonyesha `opsz` iko ngapi.

Na kuna kitu kidogo ambacho mimi hurekebisha kwa mkono. Mhimili huu ulipangwa kwa pointi, lakini brauza inalinganisha na pikseli, moja kwa moja. Kapsheni ya pikseli 12 inapewa `opsz` 12, ilhali pikseli 12 za CSS ni pointi 9. Yaani unapata toleo jembamba kuliko lile mchoraji alikusudia kwa ukubwa huo, na kwa skrini ya simu ya bei ya chini hiyo tofauti inaonekana, zile laini zinakuwa kijivu. Kwa hivo kwa kapsheni huandika hivi:

```css
figcaption {
  font-family: "Source Serif 4", serif;
  font-size: 12px;
  font-variation-settings: "opsz" 9;
}
```

Maandishi ya kawaida na vichwa naviachia brauza ichague yenyewe, makosa yake hapo hayaonekani. Kama fonti yako haina `opsz` wala faili ya Caption kabisa, usiilazimishe ndogo. Tafuta nyingine ya kapsheni yenye mistari inayokaribiana unene na herufi ndogo ndefu, iongezee nafasi kidogo kati ya herufi, na hiyo nzuri yako iache kwa kichwa.